Kilomita Kumi na Sita Bila pa Kutokea

Kosa lenyewe nililifanya kwa kunyoosha usukani. Kijijini kwetu Bashay ukinyoosha usukani hujakosea kitu. Barabara ni ile iliyo mbele yako, na anayetaka kwenda kwingine ndiye anayekata kona. Ile barabara kubwa inayoizunguka London haikulelewa hivyo. Kuna mahali upande wa kusini ambapo anayetaka kubaki kwenye mzunguko ni lazima achepuke kushoto, na anayenyoosha anajikuta kwenye barabara nyingine kabisa, inayoelekea baharini, ambayo haina pa kutokea mpaka kilomita kumi na sita mbele. Vibao vinasema hivyo, tena kwa herufi kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Nilivipita vyote.

Nilikuwa na mama yangu kwenye gari, na tulikuwa tunamkimbilia dada.

Dada yangu ndiye alitangulia kwenda Uingereza, kwa kazi ya uuguzi. Mimi nilimfuata miaka miwili baadaye, nikapata kazi ya kutunza wazee kwenye mji mdogo, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwake. Mume wake alibaki Babati akihangaika na viza. Dada aliposhika mimba, baada ya likizo ya nyumbani, alituambia jambo moja tu: mama aje. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza kwenye chumba cha upasuaji, huko nyumbani, na alikuwa peke yake na watu waliofunika nyuso. Safari hii pia ilikuwa lazima apasuliwe. Hospitali ya kule inaruhusu mtu mmoja aingie na mzazi, akae pale kichwani, amshike mkono mpaka mtoto atoke. Dada alitaka mkono huo uwe wa mama. Hakutaka wa mwingine, hata wangu. "Nikiingia peke yangu tena nitakufa," aliniambia kwenye simu, na dada yangu si mtu wa kutia chumvi.

Basi mama alikuja. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Arusha, alipanda ndege mbili na kushuka akiwa amebeba vitunguu saumu vya shamba letu kwenye begi la mkononi. Sijui alivipitishaje. Dada alipolazwa kwa sababu ya presha, mama alikaa kwangu kusubiri siku.

Siku yenyewe dada alipiga simu asubuhi. Alikuwa ameambiwa ni mchana, sasa wamesogeza: ataingia saa nne na nusu. Ilikuwa saa mbili na nusu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, tutafika saa tatu na nusu, tutakunywa na chai. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa, na sauti yangu ile naikumbuka kwa aibu.

Mimi si dereva mbaya. Nilijifunzia gari kwenye pikapu ya baba, nikibeba vitunguu kutoka Bashay kwenda mjini Mbulu, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha unaendesha kwa imani. Nimeendesha lami ya Katesh kwenda Singida, ambako ng'ombe wa wafugaji wanavuka kwa wakati wao na wewe unasubiri. Lakini kote huko ukikosea unasimama. Unashusha kioo, unasalimia, unauliza, unaelekezwa, unarudi. Kuuliza si ujinga, tena kwetu kupita bila kuuliza ndiyo utovu wa adabu. Kwenye barabara zile za Waingereza hakuna wa kuuliza. Njia tatu kwenda, tatu kurudi, ukingo wa chuma pembeni, na kila mtu anakimbia kilomita mia na kumi kwa saa huku amekaza uso.

Mtu wa kuuliza alikuwa mmoja: yule mwanamke wa ramani ndani ya simu yangu, niliyokuwa nimeibandika kwenye dashibodi. Yeye ndiye alikuwa macho yangu. Mama hakumpenda tangu mwanzo. "Huyu dada anaongea kama anagombana," alisema.

Tulipokuwa tunakaribia pale pa kuchepukia, mama alifumba macho akaanza kumwombea dada. Mama akiomba haombi kidogo. Anaanza na shukrani kwa mvua, anapitia ukoo mzima, anawaingiza wagonjwa wa jumuiya, ndipo anafika kwenye jambo lenyewe. Na kwetu mtu akianza kuomba kila kitu kinanyamaza. Redio inazimwa, mazungumzo yanakatwa, hata dereva wa basi hupunguza muziki. Yule mwanamke wa ramani alipodakia katikati ya maombi, mama alisita, na mimi nikanyoosha kidole nikamzima sauti. Sikufikiri. Niliona aibu tu, kana kwamba ni mtoto wangu aliyepiga kelele kanisani.

Mama alisema amina, nami nikasema amina, na nilipofumbua akili yangu nikaona barabara imepungua. Zilikuwa njia tatu, sasa ni mbili. Upande wa kushoto, ng'ambo ya majani, niliona magari mengi yakipanda na kupinda kwenda zake, na nikajua palepale kwamba hao ndio waliokuwa wenzangu. Kisha kikaja kibao cha bluu kikitaja pa kutokea panapofuata: maili kumi. Nilipiga hesabu nikapata kilomita kumi na sita.

"Mama, nimekosea njia."

"Umekosea wapi?"

"Pale nyuma. Tulitakiwa tuchepuke."

Aligeuka akatazama kupitia kioo cha nyuma. "Si hapo tu? Napaona. Simama urudi nyuma."

Ningependa kusema nilimkatalia. Sikumkatalia, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nalifikiria mwenyewe. Kilomita kumi na sita kwenda, kumi na sita kurudi, na dada analazwa juu ya meza. Kichwani mwangu kila mita niliyokwenda mbele ilikuwa mita ya kumwacha. Pembeni kushoto kulikuwa na njia ya dharura, tupu, pana, imenyooka mpaka kule tulikotoka. Nikawasha taa za hatari nikaingia humo nikasimama.

Gari likisimama pale ndipo unajua wengine wanakwenda mbio kiasi gani. Ukiwa unakimbia nao unaona mnatembea tu pamoja. Ukisimama, kila lori linalopita linalitingisha gari lako zima, na mlio wake unafika baada ya lenyewe kupita. Nilitazama kioo cha pembeni. Pale pa kuchepukia palikuwa kama mita mia nne. Nikaweka gia ya kurudi nyuma, mguu kwenye breki. Nikaitoa gia. Nikairudisha tena. Nilijua ni kosa, nilisoma kwenye kitabu cha leseni: kwenye barabara kama hizi huruhusiwi kurudi nyuma hata hatua moja. Lakini nilikuwa najua pia kwamba dada alishasema atakufa.

"Subiri kwanza," mama alisema kwa utulivu kabisa. "Niweke majani, ndipo urudi."

Nilisikia maneno yale bila kuyasikia. Nilikuwa nimeinamia simu nikiitafuta namba ya dada nimwambie tumechelewa kidogo. Mlango wa kushoto ulifunguka, ukafungwa.

Kwa asiyejua: kwetu gari likisimama barabarani, abiria hushuka akakata matawi, akayapanga kwenye lami nyuma ya gari, moja, hatua kumi, jingine, hatua kumi, ili anayekuja kwa kasi ajue mbele kuna jambo. Ni ustaarabu wa barabara. Mtoto wa darasa la kwanza anajua maana yake. Mara moja tulipitiliza njia ya kwenda Balangdalalu, na baba akarudisha pikapu kinyumenyume mpaka kwenye kona huku mama akiwa ametangulia na matawi, na mfugaji mmoja mwenye fimbo akawazuia ng'ombe wake tumalize. Tulicheka njia nzima. Mama hakuona tofauti. Barabara ni barabara, na gari linalotaka kurudi nyuma linahitaji majani.

Nilipoinua macho kwenye kioo nilimwona mama nyuma ya gari, mbali, akiwa na mzigo wa matawi kwapani. Kando ya ukingo kulikuwa na vichaka vya miiba, na mwanamke aliyekatia ng'ombe majani maisha yake yote havimpi shida. Alikuwa ameshaweka tawi la kwanza kwenye njia ya dharura. La pili alikwenda kuliweka kwenye mstari. Kisha, bila haraka, akashuka njiani lilikopita lori sekunde moja kabla, akainama, akalaza tawi la tatu juu ya lami, akalirekebisha kwa mguu likae vizuri.

Sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baada. Nilifungua mlango wangu, ule wa upande wa magari, na gari dogo likapita karibu kiasi cha kuufunga mlango kwa upepo wake. Nikapanda juu ya kiti cha mama nikatokea kushoto nikiwa nimeangukia magoti. Nikakimbia. Honi zilikuwa zinalia mfululizo. Mama alikuwa amesimama kwenye mstari akiwa ameinua mkono wa kulia juu, kiganja wazi, kama anavyozuia ndama, akiliashiria lori lililokuwa linakuja lipunguze mwendo.

Lori lilihama. Nilisikia breki, nikaona kichwa chake kikiyumba kwenda njia ya pili, na gari jingine huko nyuma likikwepa. Upepo wake ulimpiga mama, kitenge kikapaa, akayumba kuelekea barabarani. Nilikidaka kile kitenge kwa mikono miwili nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaangukia wote upande wa ukingo.

"Mama, wewe ni mwendawazimu?" Nilipiga kelele. "Unataka kufa? Unataka kuniua?"

Sikuwahi kumpigia mama kelele maishani mwangu. Alinitazama kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza nikaona na yeye anaogopa. Hakuogopa magari, aliniogopa mimi.

"Niliweka majani," alisema. "Hawaoni majani?"

Nilimvusha ukingo wa chuma, nikampandisha kwenye kilima cha nyasi, na hapo nikajaribu kutumia akili. Tawi la tatu lilikuwa bado liko njiani. Magari yaliliona likiwa karibu sana na kila moja lilikuwa linakwepa. Nilisema nikimbie nilitoe. Nilivuka ukingo mara mbili na mara mbili nikarudi. Simu niliiacha kwenye gari. Lakini nilikumbuka kwamba kwenye vijiti vidogo vya pembeni kuna mshale unaoonyesha simu ya dharura ilipo. Tukatembea nyuma ya ukingo, mimi nimemshika mama mkono kama mfungwa, mpaka kwenye kisanduku cha rangi ya chungwa. Niliinua mkonga wa simu, na mwanaume akaitikia.

Nilimweleza yote, hata gia ya kurudi nyuma. Hakunigombeza. Alisema tubaki nyuma ya ukingo, mbali na gari, tusiguse kitu chochote barabarani, tusirudi kwenye gari kwa sababu yoyote ile. Atawasha vibao vya kupunguza mwendo na kutuma askari wa barabara.

"Kwa sababu yoyote ile," alirudia. "Umenielewa?"

Nilimwelewa. Kwa hiyo tuliporudi kusimama juu ya kilima, usawa wa gari letu, na simu yangu ikaanza kulia mle ndani, sikushuka. Dirisha nililiacha wazi kidogo, na magari yalipopungua nilikuwa naisikia. Ni mlio niliomwekea dada peke yake. Ulilia mpaka ukakatika. Ukalia tena.

"Ni dada yako," mama alisema.

"Najua."

"Mpokelee."

"Wamekataza, mama."

Alianza kushuka mwenyewe, nikamzuia kwa kifua changu. Tulisimama hivyo, mama na mwanawe tunasukumana kwenye kilima cha nyasi ugenini, na simu inalia. Nilikuwa nalia na mimi. Niliwaza kwamba dada anakufa, kisha nikawaza tawi lile litamuua mtu mwingine aliyekuwa anakwenda zake kazini, kisha nikawaza watanifunga. Hofu ile haikuwa na mpangilio. Kila nilipoimaliza moja nyingine ilikuwa imesimama nyuma yake inasubiri zamu.

Askari walifika baada ya dakika kama ishirini na tano, kwenye gari lenye miraba ya manjano na myeusi. Walikuwa wawili, mzee mwenye nywele nyeupe na mwanamke kijana. Walisimamisha gari lao nyuma ya letu, taa zote zinawaka. Mzee alitazama barabara kwa muda mrefu, akasubiri nafasi, akaingia haraka na kutoka na lile tawi. Kisha akayakusanya na mengine. Aliyatazama, akamtazama mama.

"Haya ni ya nini?" aliniuliza.

Nikamweleza. Alisikiliza bila kucheka, na kwa hilo namshukuru.

"Mwambie mama hapa haturuhusu hata ile pembetatu nyekundu," alisema. "Mtu akitembea barabarani kuiweka anaweza kufa kabla hajaifikisha. Na gari lako lina shida gani?"

"Halina shida. Nilikosea njia."

Aliondoa kofia yake akakuna kichwa. "Kukosea njia si dharura," alisema. "Ukikosea hapa unaendelea. Husimami, hurudi nyuma, hugeuzi. Unaendelea mpaka pa kutokea, hata kama ni mbali, hata kama unakwenda kinyume na unakotaka. Unatoka pale, ndipo unatafuta njia."

Nilimwambia habari za dada. Uso wake ulibadilika. Aliniuliza hospitali ipi, nikamtajia.

"Basi hata kurudi hapa huhitaji. Ukitoka mbele huko, fuata vibao vya London. Barabara ile inakukutanisha na mzunguko mbele zaidi, upande uleule wa hospitali. Utakuwa umepoteza dakika kumi. Kumi na mbili kukiwa na foleni."

Nilimwomba arudie. Dakika kumi na mbili. Nilitazama saa ya mkononi. Tulikuwa tumesimama pale zaidi ya nusu saa, na bado hawakutaka niondoke. Yule mwanamke kijana aliniambia nionyeshe mikono, akaona inavyotetemeka, akasema sitashika usukani mpaka itulie. Alinipa maji. Mama alimpa mzee yule mkono na kumshukuru kwa Kiswahili, kirefu, naye akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Nilipoingia kwenye gari, simu ilikuwa na simu nane za dada zisizopokelewa. Na nyuma ya hizo, ramani ilikuwa wazi bado, kimya, na mstari wake wa bluu ukiwa umeshachorwa upya: mbele, toka, kushoto, London. Chini yake iliandika muda iliokuwa imeongeza. Dakika kumi na moja. Ilikuwa inanionyesha hivyo tangu sekunde ya kwanza.

Nilimpigia dada. Simu yake haikupokelewa. Mzee alinielekeza niongeze mwendo ndani ya njia ya dharura kwanza, nifikie kasi ya wenzangu, ndipo niingie nikiona nafasi, wakati wao wananikinga kwa taa nyuma. Nikafanya hivyo. Zile kilomita kumi na sita nilizoziogopa ziliisha kabla mama hajamaliza sala moja fupi, na safari hii sauti ya ramani ilikuwa juu kabisa na mama hakusema kitu. Tukatoka, tukazunguka mzunguko mdogo, tukafuata London. Pale tulipoungana na barabara yetu ya mwanzo hata sikupatambua. Palikuwa rahisi mno.

Tulifika hospitali saa tano kasoro dakika nane. Kwenye maegesho mama alinishika mkono kabla sijafungua mlango.

"Dada yako asijue habari za barabarani."

"Mama, nitamwambia. Ni kosa langu."

"Ninyi wawili ndio mtabaki huku," alisema. "Mimi narudi nyumbani. Akikukasirikia wewe atabaki na nani?"

Juu wodini muuguzi alitupokea kwa uso wa huruma ambao ulitosha. Dada alikuwa ameshaingia. Walimsubirisha mpaka dakika ya mwisho, alisema, alikuwa anaomba dakika tano tano, kisha wakashindwa kwa sababu presha ilikuwa inapanda. Aliingia akilia. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki ukumbini, ameweka mikono mapajani, na lile gauni la karatasi walilomwandalia lilikuwa limekunjwa mezani, halijafunguliwa. Tulikaa. Sitaki kusimulia dakika zile. Nilisikiliza kila mlango uliofunguliwa.

Mtoto alikuwa hai. Dada alikuwa hai. Walimtoa kwenye kitanda cha magurudumu, midomo imempauka, na binti yake amelazwa kifuani kwake, na nilishukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wakageuka. Mama alisogea kumshika mkono.

Dada aliuondoa.

"Mama, mlikuwa wapi? Nilipiga, nikapiga." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilishika mkono wa mtu nisiyemjua hata jina."

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi, mwanangu," mama alisema haraka. "Niliamka kichwa kinaniuma, nikashindwa kuinuka. Mdogo wako alikuwa tayari tangu asubuhi. Alinisihi sana. Ni mimi niliyemchelewesha."

Dada alinitazama mimi ili nithibitishe. Palikuwa na nafasi pale, ndogo lakini ipo, kama zile anazoziacha dereva mwema. Sikuingia. Niliinamisha kichwa, na mama akakiona, na dada akakiona. Kila mmoja akakielewa kwa namna yake.

"Umetoka mbali kote huko," dada alimwambia mama, "ukashindwa kuinuka siku moja."

Hayo ni ya mwaka juzi. Mama alirudi Bashay wiki tatu baadaye. Mimi na dada tumekuwa karibu kuliko zamani. Mtoto ananiita kwa jina la utani na kulala kwangu mwisho wa wiki, na dada husema mbele za watu kwamba siku ile mimi peke yangu ndiye niliyejitahidi. Nimejaribu kumwambia mara tatu. Kila siku inayopita pa kutokea panakuwa mbali zaidi, na bado sijapafikia.

Ninaandika haya nikiwa nyumbani kwa likizo. Jana mchana dada alinipigia. Mama alikuwa shambani anapalilia vitunguu, akasikia sauti yake kwenye spika, akaja mbio akipangusa udongo mikononi kwa kitenge, akasimama karibu yangu. Alisubiri. Dada aliuliza hali ya hewa, akauliza nitarudi lini, akasema mtoto amelala.

"Haya, msalimie mama," alisema, akakata.

Mama alikuwa bado ameinua mikono yake, safi tayari kushika simu.

"Anakusalimia," nilimwambia.

"Alikuwa na haraka?"

"Alikuwa na haraka, mama," nilisema, naye akarudi shambani.